Namba moja, mikono mitatu

Yule mama aliandika saa 3 usiku, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Tumefiwa na mama mkwe. Nahitaji doti 35 za kanga sare kwa ajili ya arobaini, mnazo?" Hakuwa amewahi kutuandikia kabla. Simu yangu ikamjibu papo hapo, mimi nikiwa jikoni nasonga ugali: "Heyy mrembo! Karibu kwenye familia yetu, leo utapendeza mpaka uulizwe umenunua wapi!" Mwishoni kulikuwa na emoji tatu za mwanamke anayecheza.

Niliona majibu yake asubuhi. "Dada, nimesema nimefiwa."

Ule ujumbe aliuandika mdogo wangu, aliyenisaidia kuweka WhatsApp Business kwenye simu ya duka, na wakati ule niliuona mzuri. Ulikuwa na uchangamfu. Kumbe salamu ya kujiendesha, ile inayoitwa Greeting message kwenye skrini, haisomi mteja kaandika nini. Anayeulizia kisutu cha harusi na anayenunua kanga za msiba wanapata maneno yale yale. Na kanga, kwa anayezijua, ndiyo nguo inayokwenda kote kuwili. Nikampigia simu, nikampa pole, nikamwomba radhi. Doti 35 alichukua, lakini niliposhusha simu nilijua kuna kazi ya kufanya.

Duka letu ni dogo, liko Kariakoo, tunauza kanga na vitenge kidogo. Namba ya WhatsApp ni moja, ila wanaojibu ni watatu: mimi kwenye simu yenyewe, mdogo wangu kwenye kompyuta, na binti wa dukani kwenye simu yake, kwa sababu akaunti moja inakubali kuunganishwa na vifaa vingine. Kwa mteja, huyo ni mtu mmoja tu, "duka". Nilikaa na daftari nikapitia mazungumzo ya mwezi mmoja nyuma, na nikaona kwamba huyo mtu mmoja alikuwa kama amepandwa na pepo. Asubuhi anasema "Marahaba mwanangu, karibu." Mchana anasema "Poa, ipo, njoo inbox." Jioni anasema "Mpendwa mteja, tafadhali subiri uongozi." Hilo la inbox lilinichekesha zaidi, maana mteja alikuwa tayari yumo humo humo inbox.

Kuchekesha kulikoma nilipofika kwenye bei. Wanawake wawili wa kikundi kimoja cha vikoba walikuwa wameulizia kanga ile ile, wiki ile ile. Mmoja alijibiwa na mimi: "Haipungui mama, 14,000." Mwenzake alijibiwa na mdogo wangu: "Poa, kwako 12,000." Walipokutana wakaonyeshana simu. Yule wa 14,000 alinitumia picha ya skrini ya mazungumzo ya mwenzake bila neno lolote. Hakuhitaji neno. Hapo nikaelewa kuwa sauti ya duka haiishii kwenye maneno matamu. Kama hatujakubaliana bei inapungua vipi, hakuna ufundi wa kuandika utakaotufanya tusikike kama duka moja. Tukapanga: doti moja hadi nne ni 14,000 kila moja, kuanzia doti tano ni 13,000. Yule wa msiba kwa hesabu hiyo angelipa 455,000 kwa doti 35, na angeambiwa hivyo na yeyote kati yetu watatu.

Basi nikaanza upya na salamu. Swali la kwanza lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani: tumwiteje mtu tusiyemjua? Dukani macho yanasaidia. Mtu akiingia unaona kama ni wa kuamkia, au wa kuitikia marahaba, au wa "mambo". Simu haioni. Ukiandika "dada" anaweza kuwa mzee wa kiume anayemnunulia mkewe. Ukiandika "mpenzi" kuna mume atakayeisoma. "Ndugu mteja" ni lugha ya matangazo ya bili. Na "boss lady", ambalo mdogo wangu alilipigania sana, ni jina ambalo mtu anajiita mwenyewe, haitwi na muuza kanga.

Tukaamua ujumbe wowote unaojituma wenyewe usimwite mtu jina lolote la udugu. Unasema "Habari", basi. Salamu yetu ya sasa ni hii:

"Habari. Hapa ni duka la kanga, Kariakoo. Ujumbe wako umefika na utajibiwa na mtu. Picha na bei za doti zilizopo zimo kwenye katalogi ya namba hii. Tupo Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni."

Isome kana kwamba umefiwa, kisha isome kana kwamba unaoa. Haiumizi upande wowote. Ndicho kipimo tulichokitumia, na hadi leo nikibadilisha neno nasoma mara mbili namna hiyo. Uchangamfu tumeuacha uje na mtu, baada ya kusoma kilichoandikwa.

Udugu nao unakuja hapo, na anayeuanzisha ni mteja. Akisema "mwanangu", anajibiwa "ndiyo mama" au "ndiyo baba". Akisema "dada", ni dada. Akianza na "shikamoo", hata kama salamu ya kujiendesha imeshapita juu yake na "Habari" yake kavu, mtu wa kwanza kujibu lazima aanze na "Marahaba" kabla ya bei. Hili binti wa dukani ndiye aliyeliona. Alisema mteja akiamkia na asiitikiwe, hata ukimpa kanga bure atakumbuka hilo la kwanza.

Kuna jambo jingine la salamu hiyo ambalo lilitupata baadaye. Haiendi kwa wageni tu. Inajituma mtu anapoandika mara ya kwanza, na inajituma tena kwa mtu ambaye hamjazungumza kwa siku 14. Kwa muda fulani tulikuwa tumeweka sentensi "Asante kwa kututafuta kwa mara ya kwanza." Wateja wa kanga hawanunui kila wiki. Mama mmoja anayenunua kwetu miaka minne alirudi baada ya mwezi, akapewa asante ya mgeni, akaandika: "Kumbe leo ndiyo umenijua?" Tuliiondoa siku hiyo hiyo. Ujumbe huo lazima umfae mgeni na mwenyeji kwa pamoja.

Kisa cha saa ndicho kilichotugharimu hela. Mbali na salamu kuna ujumbe wa kutokuwepo, Away message, ambao unaweza kuuweka ujitume muda wote, au kwa ratiba yako, au nje ya saa za kazi ulizojaza kwenye wasifu wa duka. Tukachagua hilo la mwisho. Nikamwandikia mdogo wangu kwenye karatasi: "Saa 2 mpaka saa 12, weka." Akaweka. Alijaza 02:00 hadi 12:00.

Wewe unayesoma umeshaelewa, lakini sisi tulichukua siku tisa. Asubuhi mambo yalikuwa sawa kabisa. Kuanzia saa 6 mchana, ambayo kwa simu ni 12:00, kila aliyeandika aliambiwa "Duka limefungwa, tutakujibu kesho asubuhi." Sisi tumekaa dukani feni inazunguka, tunalalamika kuwa mchana biashara imelala. Ukiwa ndani ya mazungumzo ujumbe huo unauona, umekaa upande wako kama mwingine wowote, ila binti alikuwa anadhani mimi ndiye ninayeandika, na mimi nikidhani ni yeye. Tuligundua mteja mmoja alipopita mwenyewe saa 9 alasiri, akasimama mlangoni akishangaa: "Mbona mmesema mmefunga?"

Sahihi ilikuwa 08:00 hadi 18:00. Tangu hapo nina desturi: nikibadilisha chochote kinachojituma chenyewe, namwomba jirani ambaye namba yake haimo kwenye simu ya duka atuandikie mara mbili, mara moja mchana na mara moja usiku, anionyeshe kilichomfikia. Kwenye maandishi kwa mteja tunaendelea na saa zetu za Kiswahili, na neno asubuhi au jioni haliachwi kamwe. Tuna mteja mmoja Maskati ambaye alituambia hilo neno moja ndilo linalomwokoa, kwa sababu huko anaishi na saa za namna zote mbili.

Na mama yangu mzazi alikuwa anaambiwa duka limefungwa kila akinitakia usiku mwema. Humo humo kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua nani asitumiwe. Mwondoe mama yako, na wanaokuletea mzigo pia.

Sasa majibu ya haraka. Quick replies ni maneno unayoyahifadhi na kuyapa kifupi, ukiandika mkwaju na kifupi hicho yanatokea yenyewe: `/bei`, `/lipa`, `/usafiri`. Zinaruhusiwa 50. Sisi tulianza na nyingi, tukaandika kila jibu tulilowahi kulifikiria, na matokeo yakawa mabaya kwa namna mpya. Mteja anauliza "hii ya njano bado ipo?" anapewa aya nzima yenye shukrani mbili na karibu tatu. Alijua anaongea na karatasi. Sasa tuna saba tu, na hakuna hata moja inayoanza na salamu wala kuisha na asante. Jibu la haraka ni nyama ya katikati. Mwanzo na mwisho anaandika mtu kwa vidole vyake, kulingana na aliyeko upande wa pili.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza kitu kuhusu Kiswahili changu mwenyewe. Jibu letu la kwanza la malipo lilisema hivi: "Lipia kwanza. Tuma muamala. Subiri mzigo." Mdogo wangu aliliona limenyooka. Mimi nilipolisoma kwa sauti nilisikia polisi. Nikajaribu kuweka "tafadhali" mbele ya kila moja, likawa polisi mwenye adabu. Halafu nikamsikiliza binti akiongea na mteja aliyesimama mezani: "Ukishalipia tu mama, nakufungia." Tofauti yote imo kwenye hiyo "ukisha". Haamrishi mtu, anamwambia mambo yanavyofuatana. Jibu la sasa ni hili:

"Ukishalipia kwa Lipa Namba ya duka, jina litakalotokea ni la duka, si la mtu. Likitokea jina jingine usiendelee, tupigie. Malipo yakionekana kwetu tunafunga mzigo siku hiyo hiyo kama ni kabla ya saa 9 alasiri."

Amri imo moja tu, na ni ya kumlinda yeye.

Jambo jingine la namna hiyo ni "ni" na "tu". Nilikuwa naandika "nitakutumia kesho", kisha kesho yake binti anashika simu na kuandika "sijui kuhusu hilo." Mteja anaona mtu yule yule anakana maneno yake. Tukakubaliana kwamba ahadi ya duka inasemwa kwa "tu": tutatuma, tunayo, tumepokea. Na ukisema "tu" lazima uiandike kwenye daftari la mezani, ili anayefuata aikute. Lakini kosa linasemwa kwa "ni", na jina la aliyekosea: "Nilikosea rangi, samahani, nabadilisha." Omba radhi kwa "tu" uone inavyosikika, kama tangazo la umeme kukatika.

Kwenye katalogi sikutumia muda mrefu hivyo, ingawa ilikuwa chafu. Inapokea hadi bidhaa 500, na sisi tulikuwa na 60 hivi, kila moja imeitwa kwa mkono wa aliyeiweka. "Khanga kali offer." "Kanga mpya mpya." "Leso nzuri HQ." Nyingine haikuwa na bei. Mteja akitafuta kitu anapata nusu, kwa sababu nusu nyingine imeandikwa kwa h.

Tulichofanya ni kuamua jina lifuate mpangilio mmoja: aina, msemo ulio kwenye kanga, kisha rangi. Kwa hiyo ni "Kanga, Japo sipati tamaa sikati, bluu na nyeupe." Hivyo ndivyo wateja wenyewe wanavyoulizia. Hakuna anayesema nataka kanga kali, anasema ile iliyoandikwa hivi. Ambayo hatukumbuki msemo wake inafunguliwa mpaka usomeke, na picha ya pili ni ya msemo huo kwa karibu. Mstari wa kwanza wa maelezo unafanana kote: "Doti moja, vipande viwili, haijakatwa wala kupindwa." Tuliuweka baada ya mtu wa Dodoma kudhani 14,000 ni bei ya kipande kimoja, akadai tumemzidishia mzigo. Alikuwa mwaminifu, alitaka kurudisha.

Bei inakaa kwenye sehemu yake ya bei tu. Zamani tuliiandika juu ya picha yenyewe kwa rangi nyekundu, halafu picha hiyo hiyo tunaiweka stetasi. Stetasi inafutika baada ya saa 24, ila watu wanaihifadhi. Bei ilipopanda mwaka uliofuata tulikuwa tunabishana na picha zetu wenyewe. Na tunaandika 14,000 kamili, si "14k" wala "kumi na nne", kwa sababu kuna bibi aliyetuuliza kama k ni kipande.

Neno "haipo" tumeliwekea sharti dogo. Halitumwi likiwa peke yake. "Hiyo imeisha. Za rangi hiyo zilizobaki ni hizi mbili", kisha zinafuata moja kwa moja kutoka katalogi. Na kama hakuna inayokaribia, tunasema hivyo, hatumtumii mtu picha kumi za kumchosha.

Je, tunasikika kama mtu mmoja sasa? Kwenye maandishi, karibu. Miezi kadhaa nyuma mteja alitupigia akasema kuna namba imemwandikia kwa jina la duka letu, ina picha yetu, inamtaka alipie mzigo kwa namba ya mtu binafsi. Nikamuuliza alijuaje si sisi. Akasema, "Aliniita mpendwa. Nyie hamniitagi mpendwa." Nilicheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Tulibandika stetasi kuonya wengine.

Pale nilipokwama ni kwenye sauti zenyewe, zile za kurekodi. Wateja wetu wa umri mkubwa hawaandiki, wanabonyeza na kuongea, dakika mbili, na kuku wanasikika nyuma. Ukiwajibu kwa maandishi wanaona umewakunjia uso. Nilijaribu kuweka utaratibu kuwa sauti zijibiwe na mimi peke yangu, fupi, kisha bei na maelekezo ya malipo yafuate kwa maandishi ili yasipotee. La maandishi kufuata limebaki. La mimi peke yangu limeshindikana, kwa sababu binti anatoka Pemba na Kiswahili chake wakikisikia hawataki changu tena. Juzi bibi mmoja wa Tanga alinisikiliza mpaka mwisho, akarekodi jibu: "Sawa mwanangu, nimekusikia. Sasa mpe simu yule binti, anisomee majina ya kanga." Nikampa. Alisoma kumi na moja, taratibu, na bibi akachukua tatu.